Lisansi si Leseni: Kufasiri Vyeti na Vyeo vya Nje kwa Mwajiri wa Njombe na Makambako

Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana hapo na ile inayoshuka Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita mjini humo. Miongoni mwa wanaofika na kukaa wamo wataalamu waliosoma nje ya Tanzania. Wapo waliooa au kuolewa huku, wapo waliofuata kazi, na wapo waliofika kwa sababu nyingine. Mkoa wa Njombe una hospitali za Serikali na za mashirika ya dini, zikiwamo Ilembula wilayani Wanging'ombe na Ikonda wilayani Makete, na muuguzi mwenye uzoefu ana sababu ya kutumaini kwamba atasikilizwa. Hata hivyo barua nyingi za maombi hukwama mapema kwa sababu mwajiri hakuelewa mwombaji ana nini mkononi. Mara nyingine hali huwa mbaya zaidi, pale mwajiri anapodhani ameelewa, kumbe sivyo.

Makala hii inaeleza tatizo hilo kwa kutumia mfano mmoja, yaani muuguzi aliyesoma Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu vyeti vya Kongo huandikwa kwa Kifaransa, na maneno yake kadhaa yanafanana kwa sauti na maneno tunayoyatumia Tanzania huku yakiwa na maana tofauti kabisa. Majina ya Kifaransa yameandikwa humu kama yanavyotamkwa. Katika maombi yako yaandike kama yalivyo kwenye cheti, bila kubadili hata herufi moja.

Maneno manne yanayopotosha

Neno la kwanza ni "diplome deta". Mtu akilifasiri neno kwa neno hupata "stashahada ya Serikali", na msomaji wa Tanzania huelewa kwamba mwenye cheti hicho amesoma chuo kwa miaka miwili au mitatu. Hiyo siyo maana yake. Diplome deta ni cheti cha kumaliza elimu ya sekondari, kinachotolewa baada ya mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka wa sita wa sekondari. Cheti kinachokaribiana nacho hapa ni cha kidato cha sita. Anayeandika "stashahada" mahali hapo amejipandisha ngazi bila kukusudia, na atakapotakiwa kuleta matokeo ya chuo hatakuwa nayo.

Neno la pili ni "gradua". Linafanana na neno la Kiingereza linalomtaja mhitimu wa shahada, na wengi hulifasiri hivyo. Kwa mfumo wa zamani wa Kongo, gradua ni masomo ya miaka mitatu baada ya sekondari, na aliyeyamaliza bado hajafikia cheti cha pili cha chuo. Muuguzi mwenye gradua hujulikana kwao kama muuguzi wa A1, naye kwa kawaida amesoma katika taasisi ya juu ya ufundi wa tiba, kama zile za Bukavu, Goma au Lubumbashi. Yupo pia muuguzi wa A2, ambaye alisomea uuguzi ndani ya shule ya sekondari ya tiba. Herufi A na tarakimu inayoifuata hazina maana kwa mwajiri wa Tanzania. Zikiandikwa peke yake ni kama hazikuandikwa.

Neno la tatu ni "lisansi", na hili ndilo lenye hatari kubwa. Kwa sauti liko karibu sana na "leseni", na wafasiri wasio waangalifu huandika "leseni ya uuguzi". Lisansi ni cheti cha masomo ya chuo. Leseni ni ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi, ambayo kwa wauguzi na wakunga hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Anayeandika kwamba ana "leseni ya uuguzi" anamwambia mwajiri kwamba Baraza limekwisha kumsajili. Mwajiri akiomba namba ya leseni na kuikosa, hatafikiria kosa la tafsiri. Atafikiria udanganyifu.

Neno hilohilo lina mtego wa pili, nao ni mwaka wa cheti. Kwa mfumo wa zamani, lisansi ilikuwa miaka miwili baada ya gradua, yaani miaka mitano ya chuo kwa jumla. Mageuzi ya elimu ya juu yaliyoenezwa katika vyuo vya Kongo kuanzia mwaka wa masomo 2021/2022 yamelifanya neno lilelile kuwa jina la cheti cha kwanza cha miaka mitatu. Hivyo lisansi ya mwaka 2014 na lisansi ya mfumo mpya zina jina moja, lakini urefu wa masomo si mmoja. Ndiyo maana idadi ya miaka ya masomo na mwaka wa kuhitimu ni lazima viandikwe kando ya jina la cheti.

Neno la nne ni la cheo, nalo ni "enfirmie titulere". Huyu ni muuguzi anayeongoza kituo cha afya nchini Kongo. Husimamia watumishi, dawa na takwimu, na mara nyingi huwaona wagonjwa na kuwaandikia dawa mwenyewe. Tanzania kazi hizo zimegawanywa. Anayeongoza kituo huitwa Mganga Mfawidhi, na anayewaona wagonjwa katika zahanati au kituo kwa kawaida ni tabibu au daktari. Muuguzi Mfawidhi ni kiongozi wa huduma za uuguzi katika kituo hicho. Cheo kimoja cha Kongo, basi, kimeangukia katikati ya vyeo vitatu vya Tanzania, na hakuna hata kimoja kinachokitosha.

Mfano: barua iliyokataliwa na barua iliyosomwa

Tuchukue muuguzi anayeishi Makambako, anayeomba kazi katika hospitali ya binafsi mjini Njombe, umbali wa kilomita 60 hivi. Alimaliza sekondari Kongo, akapata gradua ya uuguzi mwaka 2012 na lisansi mwaka 2014, kisha akaongoza kituo cha afya kwa miaka mitano. Maelezo yake ya kwanza, aliyofasiriwa na rafiki, yalisomeka hivi:

"Nina Stashahada ya Serikali, Shahada ya Uuguzi A1 ya 2012 na Leseni ya Uuguzi ya 2014. Nilikuwa Mganga Mfawidhi wa Kituo cha Afya kwa miaka mitano."

Hakuna neno hata moja katika maelezo hayo lililoandikwa kwa nia mbaya. Hata hivyo kila dai lililomo si sahihi kwa maana ya Tanzania. Cheti cha sekondari kimekuwa stashahada, gradua imekuwa shahada, lisansi imekuwa leseni, na muuguzi amekuwa mganga. Mwajiri anayeijua kazi yake ataiweka barua hiyo kando. Mwajiri asiyeijua anaweza kumpangia muuguzi huyo kazi ya kuwaona wagonjwa peke yake, na hapo hatari inawafikia wagonjwa, hospitali na muuguzi mwenyewe.

Maelezo yaleyale yakipangwa upya husomeka hivi:

"Cheti cha kumaliza sekondari cha Kongo (mwaka wa sita). Gradua ya uuguzi, miaka mitatu ya chuo baada ya sekondari, 2012. Lisansi ya uuguzi ya mfumo wa zamani, miaka miwili baada ya gradua, jumla miaka mitano ya chuo, 2014. Tathmini ya vyeti Tanzania: imeombwa, inasubiriwa. Usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania: bado. Kazi: muuguzi kiongozi wa kituo cha afya chenye vitanda 12 na watumishi 7, miaka mitano. Nilisimamia wauguzi, stoo ya dawa na taarifa za mwezi. Kwa utaratibu wa Kongo niliwaona pia wagonjwa wa nje, kazi ambayo Tanzania hufanywa na tabibu."

Maelezo ya pili hayajitukuzi, na bado yana nguvu kuliko ya kwanza. Jina la cheti limebaki lilivyo, likafuatwa na urefu wa masomo na mwaka. Kisichopatikana kimetajwa waziwazi kwamba hakijapatikana. Cheo kimeelezwa kwa kazi zake na ukubwa wa mahali, kwa kuwa maneno "kituo cha afya" hayabebi ukubwa uleule katika nchi zote mbili. Idadi ya vitanda na ya watumishi humwezesha mwajiri kulinganisha na vituo anavyovijua.

Jambo moja zaidi hukaguliwa kwa makini na Baraza. Tanzania uuguzi na ukunga kwa kawaida hufundishwa na kusajiliwa pamoja. Kongo ukunga umekuwa na mkondo wake wa masomo, tofauti na ule wa muuguzi wa hospitali. Muuguzi aliyesoma mkondo wa hospitali asijiite "muuguzi na mkunga" kwa sababu tu hapa maneno hayo hutajwa pamoja. Aonyeshe saa za masomo ya uzazi na idadi ya wajawazito aliowazalisha akiwa mafunzoni, kama zilivyo kwenye kumbukumbu za chuo, na aache Baraza liamue.

Nani anaamua usawa wa cheti

Mwombaji mwenyewe, mfasiri au wakili hawezi kutamka kwamba cheti fulani ni sawa na stashahada au shahada ya Tanzania. Uamuzi huo una wenyewe. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Tuzo za vyuo vikuu hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Astashahada na stashahada za ufundi na taaluma ziko chini ya NACTVET.

Gradua ya Kongo iko katikati, kwa kuwa imetolewa na taasisi ya elimu ya juu lakini si cheti cha mwisho cha chuo. Kwa sababu hiyo usilipe ada popote kabla ya kuuliza kwa maandishi. Tuma nakala ya cheti, uulize ni taasisi ipi inayokipokea, na uhifadhi jibu. Barua hiyo moja inaweza kukuepusha na kulipia tathmini mahali pasipohusika.

Ukishapata barua ya tathmini, ndipo utakapoweza kulinganisha na vyeo vya kazi. Katika muundo wa utumishi wa umma, mwenye astashahada huajiriwa kama Muuguzi, mwenye stashahada kama Afisa Muuguzi Msaidizi, na mwenye shahada kama Afisa Muuguzi. Hospitali nyingi zisizo za Serikali huyafuata majina haya au huyaelewa. Tumia jina lile ambalo barua ya tathmini na usajili wako vinaliruhusu, hata kama kwenu ulikuwa ukiitwa kwa cheo kikubwa zaidi.

Tathmini ya cheti haitoshi kumruhusu mtu kugusa mgonjwa. Baada yake huja Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo huhitaji pia uthibitisho kutoka chombo cha wauguzi cha nchi ulikotoka kwamba ulisajiliwa na hukufungiwa. Kongo ilianzisha kwa sheria ya mwaka 2016 chombo cha kitaifa cha wauguzi, na uthibitisho huo ni rahisi zaidi kuupata ukiwa bado huko au kupitia ndugu aliyebaki. Baraza laweza pia kumtaka mwombaji afanye mtihani kabla ya kupewa leseni. Kwa asiye raia, mwajiri naye atashughulikia kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015 inayohusu ajira za wasio raia. Hakikisha kwamba cheo kilichoandikwa katika mkataba, katika ombi la kibali na katika leseni ni kimoja. Vyeo vitatu tofauti kwa mtu mmoja ni sababu ya kutosha ya faili kurudishwa.

Tafsiri unayoilipia

Tafsiri ni huduma, na mteja ana haki ya kujua anachonunua. Uliza kwanza taasisi itakayopokea karatasi inataka lugha gani, kwa kuwa si busara kulipia tafsiri ya Kiswahili mahali panapotakiwa Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa huduma ya tafsiri ya nyaraka na kuzithibitisha. Ukimtumia mfasiri binafsi, mwombe aache jina la cheti katika lugha yake ya asili, kisha aweke maelezo yake kando. Mfasiri anayekuletea karatasi yenye neno "leseni" mahali pa lisansi, au "stashahada" mahali pa diplome deta, mrudishie arekebishe kabla hujamlipa malipo ya mwisho.

Muhuri wa wakili kwenye nakala nao una mpaka wake. Unathibitisha kwamba nakala inafanana na cheti halisi. Hauthibitishi kwamba tafsiri ni sahihi, wala kwamba cheti kina usawa wowote nchini.

Alama pia ziachwe zilivyo. Kongo mwanafunzi hufaulu akipata asilimia 50, na aliyefikia asilimia 70 tayari amepata daraja la sifa. Anayezigeuza mwenyewe kuwa wastani wa alama wa Tanzania atajipunja au atajipandisha, na vyote viwili vitamsumbua. Ambatisha maelezo ya madaraja kutoka chuoni, na kazi ya kulinganisha iwe ya mtathmini.

Angalia vilevile mpangilio wa majina. Nyaraka za Kongo mara nyingi hutanguliza jina la ukoo, likafuatwa na jina la pili, na jina la ubatizo likaja mwisho. Karani wa hapa, aliyezoea kuanza na jina la mtu mwenyewe, huyapanga upya, na ghafla cheti na pasipoti vinaonekana kuwa vya watu wawili. Mwelekeze mfasiri afuate mpangilio wa pasipoti katika nyaraka zote. Pale ambapo cheti chenyewe kinatofautiana, pata hati ya kiapo ya majina mapema.

Dalili za kishoka

Pale penye taratibu nyingi hapakosi watu wanaojitolea kuzifupisha. Dalili ya kwanza ya kumtambua kishoka ni kwamba hukutajia matokeo kabla hajaviona vyeti: "Hiyo tutaiandikisha shahada." Hakuna mtu nje ya taasisi husika awezaye kuahidi hivyo. Dalili ya pili ni malipo kwa namba yake binafsi ya simu. Ada za taasisi za Serikali hulipwa kwa ankara yenye kumbukumbu namba ya malipo, na jina la taasisi huonekana kabla hujakamilisha muamala. Dalili ya tatu ni kutaka akae na vyeti vyako halisi. Onyesha vyeti halisi vinapohitajika, kisha ondoka navyo.

Mitego hii haiko kwa wauguzi pekee

Fundi na mhandisi kutoka Kongo hukutana na jambo lilelile. Kwao "enjenyeri sivili" ni mhandisi aliyemaliza masomo marefu ya chuo kikuu, naye anaweza kuwa wa umeme au wa migodi. Akifasiriwa kuwa "mhandisi ujenzi" ataitwa kwenye usaili wa barabara ilhali amesomea mitambo ya umeme. Aandike fani yake kwanza, kisha miaka ya masomo, na aanze na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo husajili wahandisi wahitimu, wahandisi wataalamu na mafundi sanifu katika madaraja tofauti. Naye asiite cheti chake "leseni ya umeme", kwa maana hapa leseni ya kufunga umeme hutolewa na EWURA, na mwajiri wa Makambako atataka kuiona.

Kabla ya kuituma barua yako, mpe mtu anayefanya kazi kama yako hapa Tanzania aisome, kisha umwombe akueleze kwa maneno yake umesoma nini, kwa miaka mingapi, na umeruhusiwa kufanya kazi gani. Akikosea jibu moja, irekebishe sehemu hiyo kwanza.